Fremu Zinalingana, Nyuso Je?

Wasilisho la mradi, la zabuni au la maombi ya mkopo halikosi slaidi moja ya kutambulisha timu: picha za watu, majina yao na kazi zao. Mwandaaji huambiwa picha zote ziwe za ukubwa mmoja, naye hutii. Huchora miraba inayolingana, akaingiza kila picha katika mraba wake. Akiitazama kazi yake, huona bado haijakaa sawa. Kichwa cha mmoja kimejaza mraba mzima, mwingine yuko mbali hata sura haisomeki, na wa tatu amekatwa kipaji cha uso. Miraba inalingana kwa milimita, lakini watu hawalingani.

Sababu ni kwamba mtazamaji haangalii miraba, anaangalia nyuso. Uso mkubwa humvuta kwanza, na bila kujua humpa mwenye uso huo uzito zaidi ya wenzake. Mara nyingi bosi ndiye mwenye picha ya studio iliyopigwa kwa karibu, na fundi ndiye aliyepigwa amesimama mzima kazini. Slaidi ikiziacha picha hizo zilivyo, fundi huonekana mtu wa pembeni hata kama mradi mzima unamtegemea yeye. Kinachopaswa kulinganishwa basi ni ukubwa wa uso ndani ya fremu na mahali macho yanapokaa.

Watu sita, picha sita

Tuchukue timu ya kubuni ya mradi wa maji vijijini: mratibu, mhandisi, mhasibu, afisa maendeleo ya jamii, fundi wa pampu na dereva. Mratibu ameleta picha ya studio. Mhandisi ameleta pasipoti saizi yenye rangi ya bluu nyuma. Mhasibu amevaa hijabu. Afisa wa jamii amefunga kilemba cha kitenge kilichopanda juu. Fundi amesimama kando ya kisima, anaonekana kuanzia kofia hadi viatu. Dereva amejipiga selfi ndani ya gari.

Kabla ya kugusa picha, gawanya nafasi. Slaidi pana ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05. Watu sita wakipangwa mstari mmoja, kila mmoja atabakiwa na upana wa sentimita nne na ushei tu, na jina lenye herufi kumi na nane halitatosha hapo kwa maandishi yanayosomeka kutoka nyuma ya ukumbi. Mistari miwili ya watu watatu inafaa zaidi. Kila mtu anapata safu yenye upana wa sentimita 9 hivi: picha ya mraba yenye sentimita 4.8 kila upande inakaa katikati, na chini yake jina kwa herufi za ukubwa wa 18 na kazi kwa ukubwa wa 14. Picha za mstari wa kwanza zianze sentimita 3.6 kutoka juu ya slaidi, za mstari wa pili sentimita 11. Hapo kichwa cha slaidi kinapata nafasi yake juu, na chini unabaki ukingo wa kutosha.

Pima macho hadi kidevu

Wengi hujaribu kulinganisha vichwa kwa kupima kutoka utosini hadi kidevuni. Kwetu kipimo hicho kinakwama mapema. Utosi wa mhasibu umefunikwa na hijabu, wa afisa wa jamii uko ndani ya kilemba, na wa fundi uko chini ya kofia. Ukimpima mwenye kilemba kuanzia ncha ya kitambaa, utaufanya uso wake kuwa mdogo kuliko nyuso za wenzake wote.

Kipimo kinachodumu ni umbali kutoka mstari wa macho hadi kidevu. Nguo za kichwani haziugusi, wala mtindo wa nywele. Wachoraji wa sura wanajua kuwa macho ya mtu mzima hukaa karibu katikati ya kichwa, kwa hiyo umbali huo ni takribani nusu ya kichwa chote. Kwa mwenye ndevu ndefu zinazoficha kidevu, pima kutoka macho hadi mdomo. Umbali huo ni kama theluthi mbili za ule wa hadi kidevuni.

Sasa amua umbali huo uwe kiasi gani, na umwachie aamue yule mwenye kitu kirefu zaidi kichwani. Katika timu yetu ni afisa wa jamii. Tukitumia sentimita 1.4 kutoka macho hadi kidevu, uso unajaa vizuri lakini kilemba chake kinakatwa juu, na kumkata mtu kilemba ni kumvunjia heshima. Tukishuka hadi sentimita 1.2, kilemba kinaingia chote. Basi 1.2 ndiyo ya watu wote sita, hata mwenye kichwa kitupu. Macho yakae sentimita 2.2 kutoka juu ya mraba, kidevu 3.4. Kwa mtu asiyevaa kitu, hapo juu ya utosi inabaki sentimita moja, na chini ya kidevu inabaki 1.4 ya shingo na mabega.

Hesabu hii inatupa kanuni nyepesi ya kukumbuka: mraba ni mara nne ya umbali wa macho hadi kidevu.

Kukata kwenyewe

Ingiza picha ya kwanza, ichague, kisha ufungue `Picture Format`, halafu `Crop`, `Aspect Ratio` na `1:1`. Picha sasa imekuwa mraba. Weka kimo chake kiwe sentimita 4.8 na uipeleke mahali pake. Fanya hivyo kwa picha zote sita, usijali kwanza jinsi nyuso zinavyotokea.

Kisha chora mistari miwili myembamba kutoka ukingo hadi ukingo wa slaidi. Kwa picha za juu, mmoja uwe sentimita 5.8 kutoka juu ya slaidi na mwingine 7.0. Huo wa kwanza ni mstari wa macho, wa pili ni wa videvu. Kwa picha za chini mistari iwe kwenye 13.2 na 14.4. Rudi kwenye kila picha, bonyeza `Crop` tena, na uangalie vishikio vya aina mbili vinavyotokea. Vile vizito vyeusi ni vya fremu, viache. Vile vya duara jeupe ni vya picha yenyewe, pamoja na sehemu zake zilizofichwa. Shika kimoja cha pembeni huku umebonyeza Shift, kuza au punguza picha, kisha isogeze hadi macho yaguse mstari wa juu, kidevu kiguse wa chini, na pua iwe katikati ya mraba. Mraba haubadiliki, kinachosogea ni mtu aliye ndani yake. Ukimaliza sita zote, futa mistari.

Hatari kubwa hapa ni kushika kishikio cha ubavuni badala ya kile cha pembe. Picha hunyooshwa upande mmoja, na uso huwa mwembamba au mpana kuliko ulivyo. Ukishuku hivyo, fungua sehemu ya `Size` na ulinganishe `Scale Height` na `Scale Width`. Asilimia zikitofautiana, picha imevutwa. Irudishe kwa `Reset Picture & Size` na uanze upya. Ni bora kurudia kuliko kumpa mwenzako sura isiyo yake.

Kukata kusikoweza kutibu

Fundi wetu aliyesimama mzima anaweza kukuzwa, ila kuna mpaka. Tuseme picha yake ilitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ikapunguzwa hadi pikseli 1,600 kwenda juu. Mwili wake umechukua pikseli kama 1,280, kichwa 170, na kutoka macho hadi kidevu ni 85. Mara nne yake ni 340, kwa hiyo mraba wake utakuwa na pikseli 340 kila upande. Kwenye projekta yenye upana wa pikseli 1,920, mraba wetu wa sentimita 4.8 unahitaji pikseli 272 hivi. Fundi amepona, ingawa kwa kubanana. Lakini mtu aliyekatwa kutoka picha ya pamoja ya harusi, ambamo macho hadi kidevu ni pikseli 20, atakuwa na mraba wa pikseli 80, naye ataonekana ukungu mtupu. Mwombe picha halisi iliyobaki kwenye simu, aitume kama faili la nyaraka ili isipunguzwe.

Selfi ya dereva ina kasoro nyingine. Simu ikiwa karibu, kwa urefu wa mkono uliokunjwa, pua huwa karibu zaidi na kamera kuliko masikio, hivyo pua hukua na masikio hurudi nyuma. Kukata hakubadilishi uwiano huo. Dawa ni kupiga upya: mtu asimame kivulini penye mwanga mwingi, mpigaji awe mita mbili hivi mbele yake, simu iwe usawa wa macho, akivuta picha kwa kukuza mara mbili. Ikiwezekana timu nzima ipite hapohapo siku moja, na tatizo la rangi tofauti nyuma ya watu litaisha pia.

Majina na kazi

Maandishi nayo yana usawa wake. Kama mmoja ameandikwa kwa majina mawili, wote wawe na mawili. Kama mmoja amewekewa Mha. au Dkt., kila mwenye cheo chake awekewe. Jina liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Kazi ielezwe kwa mstari mmoja: “Fundi wa pampu” na “Mhasibu” zinatosha, na cheo cha maneno manane kifupishwe kwa makubaliano na mwenyewe. Weka maandishi yaanzie juu ya kisanduku chake, yasikae katikati, ili mwenye mistari miwili asishushe wala kupandisha jina la jirani.

Kilichokatwa bado kimo

Kabla ya kutuma faili, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sehemu uliyokata haijafutwa, imefichwa tu. Atakayepokea slaidi akibonyeza `Crop` ataona picha nzima: nyumba ya mtu, mtoto aliyesimama kando yake, namba ya gari. Picha ya mtu ni taarifa binafsi, na Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kwa hiyo hifadhi kwanza nakala yako ya kufanyia kazi. Kisha katika nakala ya kutuma chagua picha, fungua `Compress Pictures`, ondoa alama kwenye `Apply only to this picture` na uweke alama kwenye `Delete cropped areas of pictures`. Hatua hiyo ikishahifadhiwa hairudishwi nyuma, ndiyo maana inafanywa mwisho, baada ya watu wote sita kuiona slaidi na kukubali jinsi walivyotokea.