Dau la Mchana Kwenye Bahari ya Jioni

Mbunifu wa mabango amekata dau kutoka picha iliyopigwa saa sita mchana na kulibandika kwenye bahari iliyopigwa jua likizama. Ameacha ukanda wa maji kulizunguka, lakini kiraka kinaonekana wazi: maji ya mchana meupe, ya jioni yameshaingia giza, na yanapokutana pana mstari. Akipunguza mwangaza wa kiraka kizima, upande mmoja utapatana na mwingine utakataa, kwa kuwa bahari ile inang'aa zaidi upande wa jua. Akififisha kingo, dau litazungukwa na ukungu.

Mwaka 2003 Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake, watafiti wa Microsoft nchini Uingereza, walichapisha njia inayotumia mlinganyo wa Poisson, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki 1840. Wazo lao ni kutonakili mwangaza wa pikseli wenyewe, bali tofauti kati ya kila pikseli na jirani yake. Jicho hushtuliwa na badiliko la ghafla. Badiliko la polepole hulipita bila kulitambua.

Tuchukue mstari mmoja wa pikseli saba unaokatiza kiraka, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 255 nyeupe kabisa. Kwenye picha ya mchana, kushoto kwenda kulia, tunasoma 200, 200, 150, 140, 150, 200, 200: maji, dau, maji. Pikseli mbili za mwisho, moja kila upande, ndizo mpaka, na hapo picha ya jioni ina 90 kushoto na 114 kulia. Hizo hazibadilishwi.

Kwenye picha ya mchana hatua kutoka pikseli hadi pikseli ni 0, -50, -10, +10, +50, 0. Ukizijumlisha unapata sifuri, maana ulianza na 200 ukaishia 200. Jioni inadai upande kutoka 90 hadi 114, yaani 24 zaidi. Deni hilo likilipwa mahali pamoja, mshono utaonekana. Hivyo linagawanywa kwa hatua zote sita, 4 kwa kila hatua, na mstari unakuwa 90, 94, 48, 42, 56, 110, 114. Bonde la dau limebaki karibu vilevile, na hakuna mahali mwangaza unaporuka pasipokuwa na sababu.

Picha kamili ina juu na chini pia, kwa hiyo deni haligawanyiki kwa hesabu ya mstari mmoja. Kompyuta hupima tofauti kati ya picha mbili kote mpakani, kisha hutafuta marekebisho ya ndani ambayo kila pikseli yake ni wastani wa jirani zake wanne. Ni kama ngozi iliyowambwa kwenye mdomo wa ngoma uliopinda: hufuata ukingo ulivyo, na katikati hujinyoosha bila kinundu. Marekebisho hayo hujumlishwa kwenye kiraka. Kazi hufanywa mara tatu, kwa nyekundu, kijani na buluu, kila rangi peke yake.

Mpaka, basi, ndio unaoamua kila kitu, na ndiko makosa yanakoanzia. Ukipita juu ya nguzo nyeusi ya gati kwenye picha ya jioni, giza la nguzo litavuja ndani na kuacha doa lisilo na chanzo karibu na dau. Ukiona doa la namna hiyo, usihangaike na rangi. Sogeza mstari wa kukata. Dau lenyewe nalo hulipa. Katika mfano wetu kila pikseli ya ndani ilipungua kwa takriban 100, kwa hiyo tanga jeupe la 230 litashuka hadi 130. Jioni hilo linakubalika. Lakini geuza safari, toa dau la jioni ulipeleke mchana, na ubavu mweusi utapauka kama umemwagiwa maziwa.

Kuna kasoro nyingine, nami naiona ndiyo inayowaponza wengi: mwangaza umepatana, lakini ukanda wa maji uliokuja na dau ni shwari ilhali bahari ya jioni ina mawimbi. Kwa hilo watafiti wale walipendekeza kwamba katika kila hatua ichukuliwe tofauti iliyo kubwa zaidi kati ya picha mbili. Kwenye maktaba ya OpenCV, ndani ya `cv2.seamlessClone`, chaguo hilo huitwa `cv2.MIXED_CLONE`, na la kawaida `cv2.NORMAL_CLONE`. Mawimbi hurudi hadi ubavuni mwa dau. Ila kitambaa cha tanga ni laini, hakina tofauti kubwa ndani yake, hivyo mawimbi yaliyo nyuma yake huyashinda matundu hayo ya utulivu na kuchomoza juu ya kitambaa. Dawa ni kuliwekea tanga chaguo la kawaida na kuyaachia maji lile la mchanganyiko. Kivuli cha mlingoti, kilichopigwa na jua la saa sita, hakuna chaguo kati ya hayo litakalokigeuza. Hicho kitachorwa upya kwa mkono.