Ukimtaka mwanao apate 102 kati ya 100

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba. Nilikuwa nimepita nyumbani kwa dada yangu, Tengeru, baada ya kumaliza manunuzi sokoni. Chai ilikuwa mezani, lakini hakuna aliyekuwa akiinywa. Shemeji alikuwa ameshika ripoti ya kijana wao wa Kidato cha Tatu, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Nimesema Hisabati mwaka huu ni 70. Isipofika 70, mwakani bweni na ada ya bweni sitoi. Atarudi hapa asome shule ya kutwa."

Kijana alikuwa kimya. Dada akaniambia pembeni kwamba tangu shule ifunguliwe, mtoto hagusi daftari la Hisabati. Masomo mengine anasoma, hilo halifungui. Wao waliona ni kiburi.

Nilimfuata nje. Alikuwa amekaa chini ya mgomba, akanisalimu kwa heshima kama kawaida yake. Nikamwuliza shida ni nini. Akasita, kisha akasema: "Mama mdogo, hata nikipata mia kwa mia mwezi wa kumi na moja, 70 haifiki. Nimeshapiga hesabu. Sasa nisome ya nini?"

Nikamwambia alete karatasi na kalamu tuione hiyo hesabu.

Hesabu yenyewe

Shule yake haichukui alama zote nne za mwaka na kuzigawa kwa nne. Kila mtihani una uzito wake: jaribio la Machi ni asilimia 10 ya mwaka, mtihani wa Juni asilimia 30, jaribio la Septemba asilimia 10, na mtihani wa Novemba asilimia 50. Shule nyingine zina mgawanyo wao, kwa hiyo jambo la kwanza kwa mzazi ni kuuliza mgawanyo wa shule ya mwanawe. Bila huo, hesabu yoyote utakayopiga ni ya kubahatisha.

Kijana alikuwa amepata 40 Machi, 34 Juni na 46 Septemba. Unachukua kila alama na kuizidisha kwa uzito wake. Machi, 40 kwa asilimia 10, inaingiza alama 4. Juni, 34 kwa asilimia 30, inaingiza 10.2. Septemba, 46 kwa asilimia 10, inaingiza 4.6. Jumla ni 18.8. Hizo ndizo alama alizokwisha kuweka kibindoni kwa mwaka mzima.

Baba anataka 70. Toa 18.8, zinabaki 51.2. Lakini mtihani wa Novemba una alama 50 tu za kutoa. Ukitaka kujua hiyo ni sawa na ngapi kwenye karatasi ya mtihani, gawanya 51.2 kwa 50, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni 102.4.

Mtihani unasahihishwa kwa 100. Kijana alikuwa sahihi. Asingeifikia 70 hata kama angejibu kila swali bila kosa.

Kabla ya kukubali jibu, kagua tarakimu

Jibu likizidi 100, usikimbilie kukata tamaa wala kumkaripia mtoto. Kwanza hakikisha kwamba ulichokokotoa ni sahihi. Kuna makosa mawili yanayojitokeza mara kwa mara.

La kwanza ni jaribio lililosahihishwa kwa 50 kuandikwa kana kwamba lilikuwa la 100. Jaribio la Machi la kijana wetu lilikuwa la 50, naye alipata 20. Kama ripoti ingeandika 20 badala ya 40, ingemnyang'anya alama 2 za mwaka, na mahitaji ya Novemba yangepanda kutoka 102.4 hadi 106.4. Tulitafuta karatasi yenyewe kwenye begi lake, tukaikuta. Ripoti ilikuwa sawa.

La pili ni mtihani ambao mtoto hakuufanya kwa sababu alikuwa mgonjwa au alirudishwa kufuata ada, ukaandikwa sifuri. Sifuri ya aina hiyo inafaa kwenda kuizungumza na mwalimu mapema, kwa sababu huenda shule ikakubali kumpa mtihani mwingine. Ukingoja hadi Desemba, ripoti imeshafungwa.

Kwa kijana wetu makosa hayo hayakuwapo. 70 ilikuwa imekwisha.

Mlango ulifungwa lini?

Swali hili lilimgusa shemeji kuliko yote nilipomwonyesha ile karatasi. Alidhani mtoto ameharibu Septemba. Lakini Septemba ndiyo alama yake ya juu mwaka mzima.

Angalia hali ilivyokuwa Juni. Baada ya Machi na Juni alikuwa na 14.2. Zilibaki asilimia 60 za mwaka, Septemba na Novemba. Ili kufikia 70 alihitaji 55.8 kati ya 60 hizo, yaani wastani wa 93 kwenye mitihani yote miwili. Mtoto aliyetoka kupata 34 alitakiwa ghafla aanze kupata 93. Kwa hiyo mlango ulikuwa umeshafungwa mwezi wa sita, ila hakuna aliyepiga hesabu.

Kuna njia ya haraka ya kuliona hilo. Toa uzito wa mtihani wa mwisho kwenye alama unayoitaka. Hapa ni 70 kutoa 50, sawa na 20. Mtoto akifika kwenye mtihani wa mwisho akiwa na chini ya 20 kibindoni, 70 haipo tena. Kijana wetu alikuwa na 18.8.

Lengo jipya linapatikanaje

Shemeji alinyamaza kidogo, akasema, "Basi iwe 65." Ni kawaida ya wazazi kushusha kidogo ili isionekane wamelegeza. Tukapiga hesabu ya 65 pia. Inahitaji 92.4 Novemba. Kwa karatasi inawezekana, maana haizidi 100. Lakini mtoto huyu hajawahi kuvuka 46 mwaka huu. Lengo la 92 kwake halitofautiani sana na lile la 102.

Hapo tukaacha kuchagua namba inayopendeza, tukaanza kushuka ngazi za madaraja. Baraza la Mitihani, NECTA, kwa Kidato cha Nne linaanzia A kwenye 75, B kwenye 65, C kwenye 45 na D kwenye 30. Shule ya kijana inatumia ngazi hizo hizo. Kwa kila ngazi tuliuliza inadai ngapi Novemba:

B, yaani 65, inadai 92.4.
Wastani wa 50 unadai 62.4.
C, yaani 45, inadai 52.4.
D, yaani 30, inadai 22.4.

Kisha tukazilinganisha na alama yake bora, 46. D ataipata hata akiacha kusoma, kwa hiyo haifai kuwa lengo. C inamtaka aongeze alama 7 juu ya Septemba, yaani afikishe 53. Wastani wa 50 unamtaka aongeze karibu 17 kwa wiki tano.

Alama 7 au 17? Hilo halijibiwi kwa ripoti. Linajibiwa kwa karatasi ya mtihani iliyosahihishwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha alama zilipotelea wapi.

Alama 7 ziko wapi

Mwalimu wao hutunga mitihani kwa mfumo wa NECTA: Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na Sehemu B ina maswali manne ya alama 10. Septemba kijana alipata 37 kati ya 60 za Sehemu A. Kwenye Sehemu B alipata 9 tu kati ya 40.

Tukafungua Sehemu B swali kwa swali. Takwimu alipata 5. Leja, zile hesabu za biashara, 2. Duara 2. Dunia kama tufe aliliacha wazi kabisa, ingawa yeye mwenyewe amekaa nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta.

Jumatatu dada alimpigia simu mwalimu wa Hisabati. Hakumwuliza kama mtoto atapata 70. Alimwuliza, "Mwalimu, kati ya haya manne, yapi yanafundishika kwa wiki tano?" Mwalimu hakusita. Kwenye takwimu kijana anaijua njia, ila anakosea kusoma mipaka ya makundi kwenye jedwali, kosa moja linaloharibu majibu yote yanayofuata. Leja na urari ni utaratibu, na ukishaushika haubadiliki. Duara na tufe vinahitaji msingi wa jiometri ambao hana bado, vitasubiri likizo.

Takwimu ikipanda kutoka 5 hadi 9, na leja kutoka 2 hadi 8, hizo ni alama 10. Tulihitaji 7. Zile 3 za ziada ni za siku mbaya, swali gumu au kosa la haraka. Lengo lisilo na nafasi ya kuteleza huvunjika kwa swali moja tu.

Na ile 17? Ingehitaji na duara na tufe vipande kwa pamoja. Tukaiacha. Lengo likawa 45 kwa mwaka, yaani 53 Novemba.

Neno la baba

Lililobaki halikuwa la hesabu. Baba alikuwa ameshatamka 70 mbele ya watu, na ada ya bweni ilikuwa imefungwa kwenye namba hiyo. Akikaa kimya tu, mtoto angeendelea kuamini kwamba bweni limekwenda, na daftari lingebaki limefungwa.

Jioni ile alimwita. "Mwanangu, ile 70 niliisema bila kupiga hesabu. Nimeona haiwezekani. Sasa ni 53 mwezi wa kumi na moja. Hiyo inawezekana, na hiyo nitaidai." Kijana akaitikia, "Ndiyo, baba." Kesho yake asubuhi dada alimkuta na jedwali la takwimu.

Novemba alipata 55. Takwimu ilimpa 9 na leja 7. Mwaka ukafungwa kwa 46.3, C yake ya kwanza ya Hisabati tangu aingie sekondari.

Shemeji bado anaitaka 70, na mwaka unapoanza haina ubaya, maana kibindo ni kitupu na mlango uko wazi. Ila sasa ameandika kwenye kalenda ya ukutani, kwenye wiki ya kwanza ya Julai, maneno mawili: "Piga hesabu."