Sahani zinatoka na chembe kama mchanga? Tazama chujio la mashine

Kwa ndugu wa Kasongo na Kabambare wanaoishi Ulaya, mashine ya kuosha vyombo ni kitu cha kila siku. Lakini siku ya wali na sombe, vikombe vinaweza kutoka na chembe za kijani, kama mchanga. Sababu ni kwamba mashine inazungusha maji yale yale kwa muda, na chujio la chini ndilo linashika uchafu. Likijaa, ao kama halikufungwa vizuri, majani yanarudi juu ya sahani.

Zima mashine kwanza, utoe kikapu cha chini. Mara nyingi chujio linazungushwa upande wa kushoto, kisha linanyanyuliwa. Lisugue na buroshi laini, maji ya moto na sabuni. Buroshi ya chuma hapana, inaharibu wavu. Ndani ya shimo tazama kwanza, mbele ya kuingiza vidole: kunaweza kuwa kipande cha kioo ao mfupa.

Kisha toa mikono inayorusha maji, uitikise. Ukisikia kitu kinalia ndani, ni punje. Zibua matundu kwa kijiti cha meno, pitisha maji ya robine mpaka yatoke kwa kila tundu.

Rudisha chujio mpaka lifunge kabisa, halafu zungusha kila mkono kwa kidole: usigonge sufuria. Endesha mashine tupu mara moja.

Ukiona unga mweupe unaoyeyuka kwa siki, hiyo si chakula. Ni chokaa ya maji, na kusafisha chujio hakutaimaliza.