Fahamu: Kwa nini idadi ya wafanyakazi LinkedIn haifanani na ya ripoti ya kampuni

Wakala wa M-Pesa pale Magomeni Mapipa akijaza wasifu wake LinkedIn, anaweza kuandika kwamba yuko Vodacom Tanzania. Mtandao unamhesabu. Lakini wakala hulipwa kamisheni, si mshahara, kwa hiyo hayumo kwenye idadi ya waajiriwa katika ripoti ya mwaka, ambayo hesabu zake hufungwa Machi 31. Aliyeacha kazi asibadili wasifu naye anaendelea kuhesabiwa mtandaoni. Kinyume chake, dereva mwenye mkataba halali huenda hana hata akaunti. Ukitaka kujua namba imevimbia wapi, fungua orodha ya watu wanaohesabiwa LinkedIn usome vyeo: mawakala na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hawajifichi.