Kichwa Kinachomtaja Mwenye Duka
Programu ya kutunza madeni ya duka, inayolipiwa kila mwezi, mara nyingi hupewa kichwa kama "Mfumo Bora wa Kisasa". Mwenye duka anayekopesha unga na sukari hajioni humo. Afadhali: "Jua nani anadaiwa leo: daftari la madeni kwa wenye maduka". Faida imetangulia kwa sababu Google hukata vichwa virefu, kwa kawaida baada ya herufi 60 hivi. Maelezo ya chini yaongeze kisichomo kichwani: "Andika mkopo kwa simu, mteja akumbushwe kwa ujumbe mfupi. Lipa kwa mwezi, acha wakati wowote." Google ikionyesha sentensi nyingine badala yake, huenda maelezo hayajibu kile mtu alichotafuta.