Soma Nyuma ya Bahasha Kabla ya Kununua Kitenge

Bahasha ya pateni huuzwa na picha ya mbele: gauni limemkaa mtu vizuri, sketi imemwagika, shingo imetulia. Lakini yanayoamua kama gauni hilo litakutosha, na kama kitambaa kitafika, yamechapishwa nyuma kwa herufi ndogo. Wengi huyasoma wakiwa wameshalipia kitenge, na mwenye duka hapokei tena kipande kilichokatwa.

Tumchukue mwanamke mwenye kifua inchi 40, kiuno 33 na nyonga 43, anayetaka gauni la kubana juu na sketi pana. Madukani huvaa namba 14. Akichukua namba 14 kwenye pateni za Kimarekani kama za Simplicity au McCall's, atakuta imepangwa kwa kifua inchi 36, kiuno 28 na nyonga 38. Zipu haitapanda. Namba za pateni zina jedwali lake, na hazifuati za nguo zilizoshonwa tayari. Kifua cha 40 ni namba 18, ambayo kiuno chake ni 32 na nyonga 42. Kwa gauni, fuata kifua, kwa sababu mabega na kwapa ndiyo magumu kurekebisha. Nyonga hapa haisumbui kwa kuwa sketi ni pana.

Kiuno ndicho cha kutazamwa. Jedwali linaeleza mwili. Vipimo vya gauni likishamalizika huandikwa pengine, mara nyingi chini ya jedwali hilo au kwenye karatasi yenyewe ya kukatia. Tuseme kwa namba 18 imeandikwa kiuno cha gauni ni inchi 33 na nusu. Mwenye kiuno cha 33 atabakiwa na nusu inchi tu ya kupumulia, na akikaa kula ataumia. Fundi mzuri atakata namba 18 kifuani, kisha akielekea kiunoni ahamie polepole kwenye mstari wa namba 20, ambayo kiuno chake kwenye jedwali ni 34.

Kabla ya kutazama yadi, angalia aina ya vitambaa vilivyopendekezwa. Ikiwa pateni ni ya vitambaa vya kuvutika pekee, kitenge hakifai hata kidogo. Pateni za namna hiyo hukatwa ndogo zikitegemea kitambaa kitanuke mwilini, na kitenge hakinuki.

Sasa yadi. Herufi A, B na C ni mitindo iliyo kwenye picha. Pengine A haina mikono na C ina mikono mirefu, hivyo anza kwa kutafuta mtindo wako. Kisha tafuta upana. Jedwali huwa na safu ya inchi 45 na ya inchi 60. Kitenge kiko karibu na 45, kwa hiyo usisome ile ya 60, ingawa ndiyo yenye hesabu ndogo inayovutia. Ikiwa safu ya 60 iko peke yake, usikisie kwa kuongeza yadi moja. Huenda kipande kimoja cha sketi ni kipana kuliko kitenge chote, na urefu wowote utakaoongeza hautasaidia. Fungua karatasi, pima kipande kikubwa kuliko vyote, ndipo uamue kama itabidi kiunganishwe.

Pembeni ya upana kuna nyota. Nyota moja humaanisha kitambaa chenye juu na chini, nyota mbili ni kisicho na mwelekeo. Kitenge cha ndege au miti kina juu na chini: vipande vyote lazima vilale upande mmoja, la sivyo ndege wa mgongoni watasimama kwa vichwa. Soma mstari wenye nyota moja. Ukiona yadi 4 na robo, kitenge cha yadi 6 kinatosha na hata kilemba kinapatikana, lakini vipande viwili vya yadi 2 havitoshi. Maua makubwa yanayotakiwa kukutana katikati ya kifua yanahitaji nyongeza, na hiyo haimo kwenye jedwali. Pima kutoka ua moja hadi jingine kama hilo, kisha ongeza angalau urefu huo mara moja.

Orodha ya mwisho ni ya vitu vidogo: zipu na urefu wake, uzi, vifungo, kitambaa cha gundi cha kuimarisha shingo. Nunua hivi siku hiyohiyo, kitenge kikiwa mkononi, maana rangi ya zipu haikumbukwi kwa macho. Bitana huwa na mstari wake wa yadi, na ni rahisi kuuruka.