Namna ya Kuandika Hadithi Fupi ya Biashara ya Chakula ya Familia

Wajasiriamali wengi wa kata zetu wanaotengeneza vyakula hutakiwa kuandika maelezo mafupi chini ya kichwa "Kuhusu Sisi". Mara nyingi huandika hivi: "Sisi ni familia inayozalisha bidhaa bora, asilia na salama." Kipimo cha sentensi hiyo ni rahisi: ondoa jina lako, weka la jirani anayeuza asali. Ikiwa bado inafaa, haijamweleza mnunuzi lolote.

Tuchukue mfano wa familia inayotengeneza siagi ya karanga. Aya moja inatosha, nayo ieleze nani alianza na kwa nini, kazi hufanywaje, na nani anaiendesha leo:

"Mama yetu alianza kutwanga karanga kwenye kinu mwaka 2009, ili tupate cha kupaka kwenye viazi vya asubuhi. Majirani walipozidi kuleta vikombe vyao, akanunua mashine ya kusaga. Hadi leo karanga huchambuliwa kwa mkono kabla ya kukaangwa. Zilizoota ukungu, kusinyaa au kubadilika rangi hutupwa. Hatuongezi chochote ila chumvi kidogo, ndiyo maana mafuta hupanda juu ya kopo. Koroga kwanza, kisha upake. Mama bado huonja kila tunaposaga. Sisi wanawe wawili tunafungasha."

Tazama kazi ya sentensi ile ya mafuta. Mnunuzi asiyeelezwa huyaona yameelea, akadhani siagi imeharibika, akairudisha dukani. Akishaelezwa, mafuta yaleyale humthibitishia kwamba hakuna kilichoongezwa ili kuyazuia yasijitenge.

Tazama pia lililoachwa. Familia haikuandika kwamba siagi yake haina sumukuvu. Kuchambua hupunguza hatari, lakini karanga yenye sumu yaweza kuonekana nzima, na kukaanga hakuiondoi sumu yote. Kwa hiyo familia inaweza kushuhudia kwamba inachambua. Kusema sumu haimo kunahitaji majibu ya maabara. Vivyo hivyo, leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS hutolewa kwa bidhaa iliyokaguliwa. Ikiwa ni siagi pekee iliyoipata, usiandike "bidhaa zetu zote", hali karanga za kukaanga bado. Wala usidai kwamba chakula chako kinatibu maradhi.

Mwaka nao una mtego wake. Mwaka ambao mama alianza kutwanga si mwaka ambao jina la biashara lilisajiliwa BRELA. Ukitaja yote miwili, eleza upi ni upi.

Mwisho, msomee kwa sauti mzee aliyeianza kazi hiyo. Sentensi atakayoikatiza kwa kusema "haikuwa hivyo", irekebishe au uifute kabla haijachapwa.